Neno "Ni Uzee Tu" Lina Dhima

Ndugu zangu, lipo neno ambalo sisi watu wa pwani hulisema kwa upole, tena kwa nia njema, nalo huwadhulumu wazee wetu kila siku. Mzee akiacha chakula twasema, "Ni uzee tu." Akinyamaza barazani, ni uzee. Akisahau sufuria motoni, akili imechoka, na si ajabu mtu wa umri wake kusahau. Tukishasema hivyo tunatulia, kwa kuwa jambo limepata jina na jina limetuondolea wajibu. Leo nataka tulipime neno hili kwa uaminifu, nikianza na makosa ya nyumbani kwangu mwenyewe.

Shangazi yangu alikuwa na miaka 73 alipofiwa na mumewe. Katika miezi hiyo hiyo, somo yake wa miaka mingi, ambaye walikuwa wakienda pamoja kila maulidi na kila msiba, alichukuliwa na mwanawe kwenda kuishi Dar es Salaam. Jicho la shangazi la kulia lilikuwa limeanza kufunikwa na mtoto wa jicho, na kutembea peke yake jioni kukawa taabu. Mama huyu alikuwa hodari wa mkate wa kumimina, na majirani walikuwa wakimwagizia. Akaacha kupika. Akaacha kwenda kwenye darsa la akina mama. Akawa anaamka saa 9 za usiku na kukaa kitandani mpaka alfajiri. Ukimuuliza jambo lolote, hata jana alikula nini, jibu lilikuwa moja: "Sijui, mwanangu. Akili yangu imekwisha."

Nasi tuliitikia kwamba imekwisha. Tulimwondoa jikoni asije akaunguza nyumba. Tulimkabidhi kwa binti wa kazi. Tulizungumza mambo yake mbele yake kama kwamba hayupo. Mmoja wetu akamnunulia vidonge vya usingizi kwenye duka la dawa, amitriptilini, pasipo kuuliza tabibu. Kinywa kikamkauka, choo kikamfunga, na mchana akawa anapepesuka na kuchanganya majina ya wajukuu. Nasi tukasema: mnaona, uzee unazidi.

Aliyetutoa gizani ni tabibu wa kliniki aliyekuwa akimpima presha. Hakuuliza kwanza amesahau nini. Aliuliza, "Imeanza lini?" Shangazi, ambaye sote tulimhesabu kuwa hana kumbukumbu, akaitaja ile wiki baada ya arobaini ya mumewe. Kisha tabibu akamuuliza maswali 15 ya ndiyo na hapana, aina ya kipimo kilichotungwa mahsusi kwa wazee katika miaka ya 1980: je, ameacha mambo mengi aliyokuwa akiyafanya, je, anaona maisha yake ni matupu, je, anajiona hana thamani. Majibu yanayoelekeza kwenye maradhi yakizidi matano, kuna sababu ya kuchunguza zaidi. Yake yalikuwa 11. Maradhi hayo yanaitwa sonona.

Sonona si huzuni ya kawaida, wala si udhaifu wa imani. Mfiwa mwenye huzuni hulia, lakini akiletewa mjukuu bado hutabasamu. Mwenye sonona hata furaha iliyo mlangoni haimfikii, na hali hiyo hukaa wiki mbili, mwezi, mwaka. Tena kwa wazee wetu sonona aghalabu haivai sura ya huzuni. Mzee hatasema, "Nimesononeka." Atasema mgongo unamuuma, kifua kimebana, moyo unakwenda mbio, tumbo limejaa upepo. Atapimwa mara tatu na kurudishwa nyumbani na dawa za maumivu, kwa kuwa kusema mwili unauma si aibu, na kusema roho inauma ni aibu.

Na hapa ndipo sonona inapofananishwa na ugonjwa wa kusahau. Akili iliyozama katika huzuni haina nguvu ya kushika jambo. Asichokishika mtu leo hawezi kukikumbuka kesho. Hata hivyo maradhi haya mawili yana nyendo tofauti, na aliye karibu na mzee huweza kuziona akitaka kuziona. Ugonjwa wa kusahau mara nyingi huingia kimya kimya kwa miaka, hata jamaa wasijue ulianza lini. Sonona huwa na mwanzo unaotajika: baada ya msiba, baada ya kuhama, baada ya kustaafu. Mwenye sonona hulalamika mwenyewe kwamba anasahau, na akiulizwa husema "sijui" bila hata kujaribu. Mwenye ugonjwa wa kusahau mara nyingi hujaribu, hukosea, huziba pengo kwa hadithi, na wanaolalamika ni watu wa nyumbani. Tena ukimdokezea mwenye sonona kidogo, jambo hurudi. Shangazi alisema hakumbuki nani alikuja Idi, lakini tulipomwambia "yule aliyeleta halua," alimtaja mtu, halua yenyewe na maneno aliyoyasema.

Lakini uaminifu una pande mbili, ndugu zangu. Si haki kusema kila mzee asahauye ana sonona, kama isivyo haki kusema kila mzee anyamazaye amezeeka. Maradhi haya mawili huweza kumkuta mtu mmoja, na mara nyingine sonona ya uzeeni huwa ndiyo dalili ya kwanza ya ugonjwa wa kusahau. Zipo pia hitilafu za mwili zinazofanana na yote mawili: upungufu wa damu, upungufu wa vitamini B12, tezi ya shingo iliyolegea, na masikio yaliyoziba, kwani asiyesikia huonekana kama asiyeelewa. Ndiyo maana wa kutenganisha haya ni tabibu mwenye vipimo, wala si sisi barazani. Kazi yetu ni kumfikisha mzee, na kueleza ukweli wa lini na vipi.

Matibabu ya shangazi yangu hayakuwa ya miujiza. Kwanza alipunguziwa vile vidonge vya duka la dawa mpaka vikaachwa, na katika wiki tatu kupepesuka kukaisha. Kisha akaanzishiwa dawa ya sonona kwa dozi ndogo kuliko ya kijana, na kuongezwa taratibu. Kwa kuwa alikuwa anatumia pia dawa ya presha ya kukojoza, chumvi katika damu yake ilipimwa baada ya wiki mbili, maana dawa hizo mbili zikikutana huweza kuishusha chumvi na kumchanganya mzee upya. Tuliambiwa wazi kwamba nafuu huchukua wiki 4 hadi 6, na kwa mzee huweza kufika hata miezi 3. Wengi huacha dawa wiki ya pili wakisema haifanyi kazi. Wengine huacha siku wanapopata nafuu, ilhali hutakiwa kuendelea nayo miezi kadhaa ili maradhi yasirudi. Mtoto wa jicho naye alitolewa. Mwezi wa tatu alilalamika kwamba binti wa kazi anatia hiliki nyingi mno kwenye mkate. Siku ile nilijua kwamba amerudi. Tabibu bado alitaka kumbukumbu yake ipimwe tena kila mwaka, nasi tunampeleka.

Dawa ilifanya sehemu yake, lakini upweke hauna kidonge. Na hapa ndipo penye aibu yetu. Tulimtumia pesa kwa simu kila mwisho wa mwezi, tukahesabu kwamba tumetimiza haki yake. Pesa ni haki yake, sipingi. Lakini mtu hushiba akakosa wa kuzungumza naye. Tena tulimpumzisha. "Pumzika, shangazi, umefanya kazi ya kutosha." Nia ilikuwa heshima, na matokeo yakawa kumpokonya sababu ya kuamka. Tunasema penye wazee haliharibiki neno, kisha tunakata shauri la ndoa, la shamba na la mirathi bila kuwaita. Je, ni heshima gani inayomketisha mtu kwenye kiti kizuri na kumnyima neno?

Wenzetu wa Zimbabwe wametuonesha njia nyingine. Mwaka 2006, daktari wa akili Dixon Chibanda aliwafundisha akina bibi 14 wa mtaa wa Mbare, mjini Harare, kuketi kwenye benchi nje ya zahanati na kuwasikiliza watu wanaosumbuliwa na mawazo. Bibi hamhubirii mgonjwa. Humsaidia kuchagua tatizo moja tu miongoni mwa mengi, na kutafuta hatua moja ya kulitatua kabla hawajaonana tena. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulionesha kwamba baada ya miezi sita, waliokaa na wasikilizaji wa namna hiyo walikuwa na dalili chache za sonona kuliko waliopata huduma ya kawaida. Tazameni basi: mzee yule tunayemhesabu kuwa mzigo ndiye aliyekuwa dawa. Shangazi yangu hakuhitaji kupumzishwa. Alihitaji wasichana wawili wa mtaani waje kila Jumamosi kujifunza kumimina mkate, na hao ndio wanaomjia sasa.

Limebaki jambo moja zito, na kulificha ni khiyana. Mzee anaposema, "Mola angenichukua tu nipumzike," tusimkemee kwa kukufuru, wala tusicheke. Anapoacha kunywa dawa za presha kwa makusudi, anapogawa vitu vyake bila sababu, anaposema yeye ni mzigo, tuketi naye na tumuulize waziwazi kama anawaza kujitoa uhai. Kuuliza hakumtii mtu wazo hilo. Humpa ruhusa ya kulitua. Akisema ndiyo, asiachwe peke yake, dawa na sumu za shambani ziondolewe karibu naye, na siku ile ile afikishwe hospitali. Dua tumwombee, na hospitali tumpeleke. Hakuna kimoja kinachokibatilisha kingine.

Ndugu zangu, kila mmoja wetu anaye mzee mmoja aliyenyamaza. Wiki hii tumwendee, tukae naye bila simu mkononi, na kabla neno "ni uzee tu" halijatutoka kinywani, tumuulize yeye mwenyewe: "Tangu lini?" Kisha tunyamaze, tumsikilize mpaka amalize.