Anayepokea Jarida Apokee na Sababu

Mwezi huu namkabidhi binti wa jirani yangu kazi ya kuunganisha jarida la mtaa wetu. Nilipompa rasimu ya waraka wa makabidhiano asome, aliupitia wote kisha akaniuliza: "Sasa mama, nikiona jedwali limevurugika, nitajuaje kama nimeliharibu mimi au limekuja hivyo?" Waraka ulikuwa umemweleza afanye nini, lakini swali lake lilidai kitu kingine: kwa nini, na dalili ni zipi. Tangu hapo nimeamini kwamba orodha ya hatua peke yake haimtoshi mtu anayebaki na kazi usiku, faili zimejaa, na mwenye kujua hapatikani kwenye simu.

Jarida lenyewe si kubwa. Lina kurasa 16. Mwenyekiti wa mtaa huleta matangazo, kikundi cha VICOBA huleta hesabu za mwezi, vijana huleta habari za mpira, na familia huleta taarifa za misiba na harusi. PDF husambazwa kwenye simu, na nakala 40 huchapwa steshenari kwa ajili ya wazee na wasio na simu janja. Karatasi ni A4 iliyokunjwa katikati, kwa hiyo kila karatasi hubeba kurasa nne, na jarida zima hukaa kwenye karatasi nne.

Hesabu hiyo ya nne nne ndiyo niliyoiweka mwanzoni mwa waraka, kwa sababu ndiyo inayosema mapema kuliko macho kwamba kuna jambo. Chukueni jedwali la VICOBA. Katibu amelipanga nyumbani kwake, limekaa ukurasa mmoja, safi. Likifunguliwa kwenye kompyuta nyingine isiyo na fonti aliyoitumia, kompyuta huweka fonti nyingine kimyakimya, bila onyo lolote. Herufi za fonti hiyo zikiwa pana kidogo, majina marefu hushuka mstari wa pili, safu hurefuka, na mstari wa jumla husukumwa ukurasa wa pili, peke yake. Jarida linakuwa na kurasa 17. Kurasa 17 haziingii kwenye karatasi nne, zinahitaji tano, na kurasa tatu za mwisho zinabaki tupu. Kwa nakala 40, karatasi 160 zimekuwa 200. Lakini hasara kubwa si karatasi. Mwanachama anayefungua ukurasa wa hesabu haoni jumla, na katika kikundi cha kuweka na kukopa, jumla isiyoonekana huzaa maneno.

Hapo mtu aliyechoka hushawishika kupunguza ukubwa wa herufi za jedwali mpaka lirudi ukurasa mmoja. Nimemwandikia asifanye hivyo, na sababu nimeiweka papo hapo. Ukurasa wa A4 ukichapwa kwenye nusu karatasi hupungua hadi asilimia 71 hivi ya urefu na upana wake. Herufi za ukubwa wa 12 hutoka kama 8.5. Ndiyo maana jarida lote linaandikwa kwa 14, zitoke karibu na 10, ambazo mzee anaweza kuzisoma kwa miwani yake ya kawaida. Ukipunguza jedwali la hesabu, umemnyima kusoma mtu yuleyule ambaye nakala ya karatasi ilichapwa kwa ajili yake.

Dawa ni kuomba vitu viwili kwa kila mchangiaji: faili aliloandikia, na PDF aliyoitoa yeye mwenyewe kwenye kompyuta yake. Faili la kuandikia ni la kusahihisha. PDF ni ushahidi wa alichokiona kabla hajatuma. Ukiweka viwili hivyo kando kwa kando, swali la yule binti linapata jibu. Kama PDF ya katibu ina ukurasa mmoja na yako ina miwili, tatizo limetokea kwako, na unaweza kutumia ukurasa wake ulivyo. Kama zote zina miwili, limekuja hivyo, na ni kumpigia katibu simu.

Kuunganisha kwenyewe ni amri chache, na kwenye waraka nimeziandika kama zinavyochapwa:

```
pdfunite kurasa/*.pdf jarida-2025-03.pdf
pdfinfo jarida-2025-03.pdf
pdffonts jarida-2025-03.pdf
```

Ya kwanza inaunganisha faili zote za folda ya kurasa kwa kufuata mpangilio wa majina. Ndiyo maana majina huanza na 01, 02, 03: ukiandika 1 na 2 tu, faili la 10 litaruka na kukaa kabla ya la 2, na taarifa ya msiba inaweza kujikuta katikati ya habari za mpira. Jina la mwisho katika amri hiyo ndilo faili litakaloandikwa, kwa hiyo lisisahaulike, na faili asili za wachangiaji zikae kwenye folda nyingine isiyoguswa. Amri ya pili inaonyesha idadi ya kurasa kwenye mstari wa `Pages`. Kama haigawanyiki kwa nne, usipeleke steshenari. Ya tatu inaorodhesha fonti. Palipo na `no` chini ya `emb`, fonti hiyo haimo ndani ya PDF, na steshenari inaweza kuibadilisha kama ilivyobadilishwa ile ya katibu.

Kurasa ziachwe kwa mpangilio wa kusoma, 1 hadi 16. Mashine ya steshenari ikiwekwa `Booklet` huzipanga yenyewe. Omba nakala moja kwanza, ikunje, uifunue yote. Ukikuta upande wa pili umegeuka kichwa chini, karatasi imegeuzwa kwa upande mrefu badala ya mfupi; hilo hurekebishwa kwenye mashine, PDF haina kosa.

Kuhusu picha nimeandika machache, ila moja nimelipigia mstari. Picha iliyopita WhatsApp kwa njia ya kawaida hupunguzwa ubora, na kwenye simu nyingi hufika na jina la namna ya `IMG-20250312-WA0007.jpg`, lisilosema ni nani wala wapi. Waambie waitume kama `Document`, na siku hiyohiyo inapofika uandike pembeni majina ya waliomo, kuanzia kushoto, pamoja na aliyekubali itolewe. Ya watoto isubiri neno la mzazi. Ukingoja hadi usiku wa kuunganisha, utakuwa na nyuso nane na hakuna wa kumuuliza.

Taarifa ya msiba ina kanuni yake. Jina la marehemu na siku ya maziko husomwa kwa sauti kwenye simu na mtu wa familia kabla ya PDF kutoka, hata kama maandishi yanaonekana sawa. Jarida likishaingia kwenye simu za watu halirudi, na familia iliyofiwa haistahili kuanza kusahihisha jina la mpendwa wao mlango kwa mlango.

Toleo lijalo binti huyu ataliunganisha mwenyewe, waraka mkononi, nami nitakaa chumba hichohicho bila kusema neno. Kila atakapokwama, mahali hapo patakuwa pengo la waraka, na tutapaandika pamoja kabla sijaondoka. Wewe unayeshika kazi ya namna hii mtaani kwako, msikitini au kanisani, fanya makabidhiano ungali upo na unaweza kuulizwa.