Kukonyezwa kwa Kidole Gumba

Mwanafalsafa Gilbert Ryle alitoa mfano wa wavulana wawili wanaofumba jicho la kulia kwa haraka. Mmoja kope zimemcheza tu. Mwingine anamkonyeza mwenzake. Ukiwapiga picha, hutaona tofauti. Mwaka 1973 mwanaanthropolojia Clifford Geertz aliuchukua mfano huo kueleza kazi yake: kujua lini jicho limefumba na lini limesema.

Kwenye simu kope hazichezi zenyewe. 😉 imechaguliwa. Ungedhani shaka imekwisha, kumbe imezidi, kwa sababu uso uliokuwa ukitusaidia kusoma haupo.

Rafiki yangu alibadilishana namba na kijana mmoja kwenye semina. Siku tatu baadaye akapata ujumbe: “Nilidhani umenikimbia 😉”. Akajibu, jibu lake likabandikwa ❤️. Ijumaa ikaja nyingine: “Asante kwa noti 😘”. Akanionyesha simu. “Mwenzangu, huyu ananitaka au ndivyo alivyo?”

Moyo tuliumaliza haraka. Ukibonyeza ujumbe wa WhatsApp kwa muda, moyo unajitokeza karibu kabisa na kidole, na wengi huutumia kusema “nimeona”. Konyezo lina kazi nzito zaidi. Liondoe, sentensi inakuwa lawama. Lirudishe, inakuwa utani. Limeigusa sentensi kabla ya kumgusa msomaji. Busu ndilo lilitusumbua, mpaka tukafungua kundi la semina na kukuta amemtumia lilelile kiongozi wa darasa, mwanamume mwenye ndevu zake, kwa kuweka ratiba.

Hata hivyo, huenda alimaanisha nusu. Watu wa pwani wanaijua nusu hiyo kupitia kanga. Jina la kanga linamfikia jirani, na akiuliza anajibiwa, “Mimi nimevaa nguo tu.” Mlango huo wa nyuma unamsitiri mvaaji, na unamsitiri jirani pia, maana halazimiki kujibu. Rafiki yangu alitaka kuandika, “Busu hili lina maana gani?” Nilimzuia. Kumdai mtu ushahidi wa jambo ambalo hajalitamka ni kumpeleka mahakamani kwa kesi ambayo hajaifungua.

Lakini mlango wa nyuma una mpaka wake. Anayetuma mioyo usiku wa manane kwa mwezi mzima, kwako peke yako, kisha akasema ulijidanganya mwenyewe, huyo simtetei. Jirani naye si mjinga: anajua kanga ile ilivaliwa siku gani na ilipitishwa mbele ya mlango wa nani.

Huyu wa semina hakuwa amefika huko. Rafiki yangu akamwandikia: “Karibu. Jumamosi nipo maktaba mpaka saa nane, tunaweza kunywa chai.” Hakuweka emoji.

Dakika kumi zikapita. “Nitakuja,” akajibu, naye bila kitu.