Nani Mwongo Hapa?

Ndugu msomaji, nina swali. Mtu aliyesema kweli tupu ukimwita mwongo, na wewe unaamini kabisa unachosema, je, una kosa au huna? Kabla hujanijibu, sikia kisa hiki. Ni changu mwenyewe, na wala sijivunii.

Ilikuwa Lushoto, mwezi wa saba, baridi ya kung'ata. Mimi ni mwandika programu. Kikundi kimoja cha wakulima wa mboga kilikuwa kinatumia programu yangu kuweka hesabu za kabichi na karoti zinazoteremshwa Mombo. Siku hiyo mweka hazina alikuwa amebadilisha neno la siri la hifadhidata. Karani, dada mmoja aliyekuwa pale kwa kibarua tu, akafungua ukurasa wa ofisi, akalinakili, akanitumia kwa simu. Nikalibandika kwenye programu. Seva ikanijibu hivi:

```
FATAL:  password authentication failed for user "mboga"
```

Nikampigia. "Dada, hili neno siyo."

"Kaka, ndilo hilo hilo. Nimelisoma mara tatu."

Akanisomea moja moja: M kubwa, a, g, a... Herufi 12, zote sawa na zangu. Basi ikawa kasheshe. Kuanzia saa mbili usiku nikazima seva, nikaiwasha, nikabadili hiki na kile. Wapi! Mashine hii haina "umekosea kidogo". Neno la siri huchujwa kwa hesabu ambayo ukiongeza hata alama moja, jibu zima hugeuka. Aliyekosea alama moja na aliyekosea zote hujibiwa vilevile.

Saa sita nikachoka na longolongo. Nikamwandikia mwenyekiti: karani wenu kanipa neno la uongo, ama ni mzembe, ama ana lake jambo. Kwa kibarua, ujumbe kama huo ni kufukuzwa asubuhi.

Saa nane, kwa uchovu tu, nikaliandika neno lile kwa mkono badala ya kulibandika. Likafungua! Nikashtuka. Likiandikwa linakubali, likibandikwa linakataa: basi tofauti iko mahali ambapo jicho halifiki. Nikaiambia kompyuta ihesabu herufi, kisha inionyeshe baiti zenyewe:

```
$ printf '%s' "$SIRI" | wc -m
13
$ printf '%s' "$SIRI" | xxd
00000000: 4d61 6761 6d62 612d 3230 3139 e280 8b    Magamba-2019...
```

Macho yaliona 12, mashine ilihesabu 13. Zile baiti tatu za mwisho, `e2 80 8b`, ni herufi moja iitwayo `U+200B`: nafasi isiyo na upana. Si uchawi. Ina kazi yake halali, hasa katika lugha kama Kithai, ambazo huandika maneno bila kuyaachia nafasi. Huonyesha mahali mstari unapoweza kukatika. Na usidhani dawa ni kupunguza nafasi za mwishoni. `strip()` ya Paithoni huiacha palepale, kwa kuwa haiihesabu kuwa nafasi.

Sasa, nani aliiweka? Hapa ndipo nilipoishiwa nguvu. Ukurasa ule wa ofisi niliutengeneza mimi. Miezi kadhaa nyuma, ili maandishi marefu yasivuke skrini ya simu, niliuagiza uweke `U+200B` kila baada ya herufi 12. Neno la siri la zamani lilikuwa na herufi 8, halikuguswa. Hili jipya lilikuwa na 12 kamili, likapachikwa mkia. Dada wa watu alinitumia sawasawa kile nilichompa mwenyewe. Nyani haoni kundule.

Utasema, "Mshikaji, hukujua." Ni kweli, sikujua. Kuamini kwamba neno lile si sahihi halikuwa kosa, maana seva ilinikatalia. Kosa ni pale nilipotoka kwenye "neno limekataliwa" nikarukia "karani ni mwongo". Katikati ya sentensi hizo mbili kulikuwa na swali la dakika moja: ziko herufi ngapi? Sikuliuliza kwa saa sita, kwa sababu kumshuku yeye kulikuwa rahisi kuliko kuushuku mkono wangu. Angekuwa mwenyekiti ndiye kanitumia, ningehesabu mapema. Hilo ndilo linaloniuma. Usafi wa moyo wangu ulichagua mtu wa kumwangukia.

Alfajiri nikamwandikia mwenyekiti tena, nikaeleza yote. Kisha nikapanda hadi ofisini kumwomba dada yule radhi. Akasema, "Nilikwambia, kaka," akaendelea na daftari lake.

Je, radhi ile ilitosha? Wewe ungehukumuje?