Ramadhani 12: Kanzu Iliyochanika kwa Nyuma



Wanaosali tarawehe kwa juzuu moja kila usiku, jana mmeingia Surat Yusuf. Mkakatizwa katikati, maana juzuu ya 12 inaishia aya ya 52, Yusuf bado yuko gerezani. Wengine wanakereka hapo, kama mtu aliyezimiwa redio. Mimi leo nataka tubaki hapohapo katikati, kwa sababu ya swali nililotumiwa wiki iliyopita na kijana mmoja wa Ruangwa.

Kijana huyu ana riwaya ya Abdulrazak Gurnah, yule Mzanzibari aliyepewa Tuzo ya Nobeli ya Fasihi mwaka 2021. Kitabu chenyewe kilitoka kwa Kiingereza mwaka 1994 kwa jina la Paradise, na mwaka 2022 kikatoka kwa Kiswahili kwa jina la Peponi, tafsiri ya Ida Hadjivayanis. Akaniandikia hivi: "Ustadh, kuna mahali sijaelewa. Yusuf kamkimbia yule mama, shati limechanika. Badala ya kujitetea kiume anakazana kusema limechanika kwa nyuma. Rafiki yake anamcheka. Na mimi nilicheka. Huyu dogo ni mjinga au vipi?"

Nikamwambia, kabla sijakujibu, nenda kamsimulie bibi yako hicho kipande, halafu niambie amesemaje.

Kwa ambao hawajakisoma, niwape kisa kwa ufupi. Yusuf ni mtoto wa miaka 12. Baba yake ana hoteli ndogo katika mji wa bara, anadaiwa na tajiri wa pwani anayeitwa Aziz. Kila Aziz akipita na msafara wake anampa mtoto sarafu ya anna kumi, na mtoto anamwita ami, anamfurahia. Siku moja anaambiwa anasafiri na ami. Kumbe amewekwa rehani ya deni la baba yake. (Sisi watu wa korosho hatuhitaji kufafanuliwa rehani. Anayeuza kangomba huweka rehani zao ambalo bado liko mtini. Huyu baba aliweka mtoto.) Pwani anamkuta Khalil, kijana mwingine wa rehani, anayeuza duka. Khalil ndiye anayemsahihisha kila mara: yule si ami yako, yule ni seyyid. Nyuma ya duka kuna bustani yenye ukuta, na ndani ya nyumba kuna mke mkubwa wa Aziz, mwenye alama usoni, anayeamini kwamba kijana huyu mzuri akimwombea dua atapona. Jina lake Zulekha.

Nadhani mmeshaanza kutabasamu.

Sasa, mtu akikutana na Yusuf katika riwaya asikimbilie kusema ni Nabii Yusuf. Ruangwa peke yake ina akina Yusuf wangapi? Jina moja si ushahidi. Lakini kuna Yusuf, mtoto aliyetolewa kwao kwa ajili ya fedha. Kuna msafara. Kuna Aziz, na katika sura ile bwana aliyemweka Yusuf nyumbani kwake hatajwi kwa jina, anatajwa kwa cheo, Al-Aziz. Kuna mke wa bwana huyo anayemtaka kijana. Halafu kuna nguo iliyochanika, na imechanika upande mmoja maalumu. Vitu vitano vikikaa kwa mpangilio uleule, mwandishi amekusudia.

Upande uliochanika ndio unaotuonyesha anatokea kitabu gani. Ndugu zetu Wakristo nao wana kisa hiki, kiko Mwanzo sura ya 39. Lakini kule Yusufu anaiacha nguo mkononi mwa mwanamke, na nguo hiyohiyo ndiyo inayotumika kumsingizia. Katika Qur'an ni kinyume. Nguo inabaki mwilini, inachanwa kwa nyuma, na inakuwa shahidi wake. Aya ya 26 na 27: anatokea mtu wa jamaa za mwanamke mwenyewe, anatoa kanuni. Ikiwa imechanika mbele, mwanamke amesema kweli. Ikiwa imechanika nyuma, kijana ndiye mkweli. Wanatazama, imechanika nyuma. Kwa hiyo Mkristo msomaji mzuri wa Biblia atamjua Yusuf wa riwaya na atamjua Zulekha, lakini pale kwenye shati anaweza kupita bila kusimama.

Hilo jina la Zulekha nalo, msilitafute ndani ya msahafu, halimo. Limetujia kwa tafsiri, kwa visa vya masheikh na kwa mashairi. Mshairi wa Kiajemi Jami, karne ya 15, ana utungo mrefu juu ya Yusuf na Zulekha, na humo mwanamke anazeeka, anapofuka, kisha Yusuf anamwombea na anarudishiwa macho na ujana. Ukilijua hilo unaelewa kwa nini Zulekha wa riwaya anataka dua kwenye alama yake ya uso. Si uchawi tu wa mama mpweke. Anangoja atendewe alichotendewa mwenzake katika hadithi. Waswahili pia tuna utendi wetu wa Yusufu, kwa hiyo kisa hiki kilishaimbwa kwa lugha yetu muda mrefu kabla ya riwaya.

Kuna kikwazo kingine kidogo ambacho ni chetu wenyewe. Kiarabu kinasema qamis. Tafsiri za Qur'an za Kiswahili tulizozoea zinasema kanzu. Kijana anasoma shati kwenye riwaya, anasikia kanzu darsani, hayakutani kichwani. Ni nguo ileile.

Basi turudi kwa bibi. Kijana akamsimulia jioni wanapembua mchele wa futari. Bibi huyu hasomi herufi hizi za shuleni na hajawahi kushika riwaya. Alipofika kwenye "limechanika kwa nyuma," bibi akaacha ungo. Akasema: "Ee, basi kaokoka. Nani alikuja kulitazama?"

Kijana akatafuta kwenye kitabu. Hakuna aliyekuja kulitazama.

Hapo ndipo penye uzito wote, na ndipo mjukuu alipopacheka. Asiyejua sura anamwona mtoto mwoga anayesema jambo la kipuuzi. Anayeijua anaona mtoto anayetoa hoja ya kisheria, hoja iliyomtoa Nabii kwenye tuhuma, na anaitoa kwa imani kabisa kwamba ulimwengu unaendeshwa kwa kanuni ile. Khalil anacheka kwa sababu Khalil naye anaijua aya, tena vizuri, lakini anaijua na nyumba ile. Nani atamuuliza mtoto wa rehani nguo yake imechanika upande gani? Kwa hiyo kicheko cha Khalil na kicheko cha kijana wetu si kimoja.

Naomba mtafakari hapa, kwa sababu swali la haki liko wazi. Sisi hudhani mtu akithibitika hana hatia, amekuwa huru. Surat Yusuf yenyewe haisemi hivyo kirahisi. Someni aya ya 35: baada ya kuona dalili zote, bado waliona heri wamfunge kwa muda. Ukweli ulijulikana na gereza likaja juu yake. Gurnah ameichukua aya hiyo na kuisogeza hatua moja. Aziz anarudi safari, na Yusuf hafungwi. Hakuna haja ya kumfunga. Asiye na hatia anarudi kazini akiwa mali ya mtu kama alivyokuwa jana, na ukarimu wa bwana ndio unaomfunga. Kutokuwa na hatia kumemwondolea tuhuma tu, deni liko palepale. Ukiisoma bila ile sura nyuma yake, utaona Aziz ni bwana mpole na mambo yameisha salama.

Mzee mmoja hapa Nachingwea nilipomweleza haya hakupendezwa. Alisema kumvisha jina la Nabii mtoto wa riwaya asiye na wahyi wala cheo ni kumshusha Nabii. Nalielewa jambo lake na silidharau. Ila naona riwaya haimshushi Nabii, inampima binadamu. Yusuf huyu ana ndoto lakini hajui kuzifasiri. Hapandi kuwa mwenye kusimamia hazina. Kwenye sura, kuanzia aya ya 78, ndugu zake wanamwita yeye Al-Aziz, kile cheo cha bwana wake kimehamia kwake. Kwenye riwaya cheo hakihami. Mwishoni inapita safu ya Wajerumani na askari wao, wanakusanya vijana kwa nguvu kwa ajili ya vita, na Yusuf anatoka mwenyewe kwenye bustani ile ya peponi, anaikimbilia safu huku macho yanamwasha. Vita vile wazee wetu wanavijua. Oktoba 1917 safu za namna hiyo zilikuwa zinapigana Mahiwa, hapo njia ya Lindi, na wapagazi wengi hawakurudi kwao.

Nitoe tahadhari pia kwa upande wa pili. Ukishaonja utamu wa kutambua, utaanza kumtafutia kila mtu pacha wake. Mnyapara Mohammed Abdalla ni nani katika sura? Sultani Chatu je? Hawamo. Wametoka kwenye historia ya misafara ya bara. Na anayeijua sura kupita kiasi ana kosa lake: anasoma haraka akiwa na uhakika kwamba mtoto atatawala tu, asione anavyozama.

Sasa bibi hakuishia kwenye swali la kwanza. Alinyamaza, akaendelea na mchele, halafu akauliza: "Na baba yake? Ile kanzu walimpelekea?"

Maana kanzu katika Surat Yusuf ni tatu. Ya kwanza, aya ya 18, imepakwa damu ya uongo, ikampofusha baba kwa huzuni miaka mingi. Ya pili ni hii ya kuchanika. Ya tatu iko aya ya 93: Yusuf anaituma kanzu yake, inatupwa usoni mwa Yaaqub, anaona tena. Gurnah ameandika ile ya pili tu. Baba wa riwaya ndiye aliyemtoa mtoto, na hawaonani tena. Hakuna nguo inayorudi nyumbani, na macho yanayotajwa mwishoni ni ya mtoto, yanauma. Kitu hicho hakimo kitabuni, kwa hiyo huwezi kukikosa kama hukuwa unakingoja. Bibi alikuwa anakingoja.

Kijana alimjibu kwamba haikupelekwa. Bibi akasema, "Basi hakijaisha hicho kitabu."

Usiku huu inshaallah ni juzuu ya 13, na aya ya 93 imo. Kijana amenambia anampeleka bibi msikitini kwa bodaboda, watakaa nje kwenye mkeka upande wa kina mama mpaka imamu aifikie.

Ramadhani karim. Anayetaka kuazima kitabu anitumie ujumbe, nina nakala moja na iko kwa mtu Mnacho.