Nani Alimpaka Shangazi Rangi?

Shangazi yetu alikuwa eda. Mumewe alizikwa Lionja mwezi mmoja tu kabla ya harusi ya dada yangu, mtoto wa baba mdogo, na tarehe ya harusi ilikuwa imeshapangwa. Kwa desturi ya kwetu, bibi harusi asiyefundwa na shangazi yake ni kama ameondoka nyumbani bila kuaga. Lakini mjane wa Kiislamu hukaa miezi minne na siku kumi bila kutoka ovyo na bila kujipamba: hapaki wanja, hapaki hina, hajifukizi udi. Kwa hiyo Ijumaa ile, siku mbili kabla ya harusi, dada alimfuata shangazi nyumbani kwake. Walikaa barazani, mkeka chini, nyuma yao mkorosho na udongo mwekundu wa uani. Mimi niliwapiga picha kwa simu.

Hiyo ndiyo picha iliyonifanya nifikirie upya kazi ninayoifanya usiku ili kulipia chumba wakati nasoma shahada ya uzamili. Ninasafisha picha za harusi kwa kompyuta. Wateja wangu hawataki ile filta inayoufanya uso kuwa laini kama sahani ya plastiki. Wanataka rangi ya mdomo iongezwe kidogo, kivuli cha rangi kiwekwe juu ya kope, na ngozi ibaki ngozi, vinyweleo vyake vikionekana. Nimekuwa nikijivunia ustadi huo na kuuona kuwa aina ya uaminifu. Nilijiambia kwamba anayefuta vinyweleo anadanganya, na anayeviacha anasema kweli.

Nieleze kwanza namna inavyofanyika, maana hoja yangu yote imo humo. Kinyweleo kwenye picha ni kivuli kidogo sana: kishimo cheusi kidogo kando ya ngozi inayong'aa kidogo. Kinaonekana kwa sababu ya tofauti ya mwanga na giza, si kwa sababu ya rangi. Macho yetu husoma maumbo madogo kwa mwanga na giza, na kwa upande wa rangi ni mazito. Hata picha za JPEG kwa kawaida huhifadhi mwanga kwa undani na rangi kwa ukali mdogo zaidi, na sisi hatugundui. Maana yake ni kwamba mtu anaweza kubadilisha rangi ya midomo bila kugusa mstari hata mmoja wa midomo hiyo, na jicho la mtazamaji litakuta kila kitu mahali pake.

Ukipaka nyekundu moja kwa moja juu ya picha, mistari ya mdomo inafunikwa na unapata stika. Kwa hiyo unafungua tabaka jipya juu ya picha, unapaka humo, kisha unaliambia tabaka lichanganyike kwa njia ya `Color`. Hapo rangi inatoka kwenye tabaka lako, ila mwanga na giza vinatoka kwenye picha ya chini. Ninashusha `Opacity` hadi kama 25. Juu yake naweka tabaka la pili la `Soft Light`, hafifu zaidi, ili mdomo upate uzito. Njia ya `Multiply`, ambayo wengi huanza nayo, kwenye ngozi zetu nyeusi huupeleka mdomo kwenye weusi wa damu iliyoganda. Ukingo wa mdomo naulainisha kidogo, kwa kuwa mdomo wa mtu haukukatwa kwa wembe.

Kuna jambo moja linalowaumbua wanaoanza, nalo ni ule mng'ao mdogo kwenye mdomo wa chini. Mng'ao huo ni mwanga wa dirisha au wa mbingu unaorudi kutoka juu ya unyevu, kwa hiyo una rangi ya mwanga wenyewe, si ya lipstiki. Ukiupaka uwe wa waridi, mtazamaji ataona kuna kitu hakiko sawa hata kama hawezi kukitaja. Mimi hutumia `Blend If` ili rangi yangu isiguse sehemu zinazong'aa sana. Kwenye kope natumia brashi laini kabisa yenye `Flow` ya chini, napitisha mara nyingi, nikizidisha giza kwenye mkunjo na kulipunguza kuelekea nyusi. Vinyweleo vya shavuni sivigusi kabisa. Wao ndio mashahidi wangu.

Dada aliniomba picha zote za kitabu cha harusi zifanane. Zake mwenyewe zilinipa kazi ndogo: alikuwa amepambwa saluni, lakini baada ya pilau na jasho la saa nane mchana, rangi ya mdomo ilibaki ukingoni tu. Nikairudisha katikati. Kisha nikafika kwenye picha ya barazani. Shangazi, midomo mikavu na macho yaliyochoka, alionekana kama ametoka kwenye siku nyingine kabisa. Dada akasema, "Mwekee kidogo tu, asionekane mgonjwa." Nikaweka rangi ya hudhurungi yenye wekundu, hafifu sana, na kivuli kidogo juu ya kope. Nilitumia kama dakika ishirini. Ilitoka vizuri. Chunusi ya zamani, mikunjo ya jicho na vinyweleo vya puani vyote vilikuwepo.

Picha ikaingia kwenye kundi la WhatsApp la ukoo. Kabla ya magharibi, mzee mmoja wa upande wa marehemu, anayeishi Ruangwa, akaandika kwa adabu kabisa: "Mashallah, wifi amependeza. Kumbe eda imekwisha?"

Shangazi hana simu ya kuingia kwenye makundi. Habari ilimfikia kupitia jirani. Alinipigia kesho yake na hakugomba. Alisema, "Mwanangu, mimi siku ile sikujipaka kitu. Wewe ulikuwepo." Kisha akanyamaza, na ukimya wake ulikuwa mzito kuliko maneno.

Niliharakisha kutuma picha ya asili kundini. Nilidhani mambo yangeishia hapo. Badala yake binamu mmoja akaandika kwamba naelewa sana kompyuta, na kwamba bila shaka nimeifuta lipstiki baada ya kuona maneno yamezuka. Nikaziweka picha mbili pamoja na kuzitazama kama mtu asiyejua. Alikuwa na haki ya kushuku. Vinyweleo vilikuwa vilevile kwenye picha zote mbili. Mashahidi wangu walitoa ushahidi ule ule kwa pande zote mbili za kesi.

Ningeweza kumwonyesha tofauti. Lipstiki ya kweli kwenye midomo mikavu hujikusanya ndani ya mistari na kuacha matuta yakiwa mepesi, na poda ya kope hutulia kwenye mikunjo baada ya saa moja ya joto. Rangi yangu ilikuwa imelala sawasawa kila mahali, kwa sababu haikuwahi kugusa ngozi yoyote. Lakini alama hizo zinahitaji faili kamili na jicho lililozoea. Picha iliyopita kwenye kundi inabanwa, na taarifa za saa na simu iliyopigia zinaondolewa njiani.

Hapo ndipo nilipoona kosa la hesabu yangu. Kama ningetumia filta ya simu, ile inayolainisha uso na kukuza macho, hakuna mzee ambaye angeuliza habari za eda. Wangecheka tu na kusema watoto wamechezea simu. Filta ya wazi inajitangaza yenyewe. Ni kama lile pazia la studio za zamani lililochorwa maporomoko ya maji: hakuna aliyedhani babu alisafiri, kwa sababu pazia lilionekana kuwa pazia. Picha yangu haikujitangaza. Kila kinyweleo nilichokiacha kilimwambia mtazamaji, "Hapa hakuna mkono wa mtu," na mtazamaji akaamini hayo kuhusu uso mzima, pamoja na mdomo.

Mtu anaweza kunipinga hivi: lipstiki yenyewe ni uongo, hakuna aliyezaliwa nayo, sasa kuna ubaya gani kuongeza uongo mdogo juu ya mwingine? Nadhani hoja hii inakosea kuhusu lipstiki. Rangi kwenye mdomo haisemi "hivi ndivyo nilivyozaliwa." Kila mtu anajua ni rangi. Inasema "leo nimejipamba," na hilo ni tendo la mtu. Bibi vizee wa Kimakonde wenye nembo usoni wanalijua hili kuliko sisi: alama ya usoni ni habari ya jambo lililofanyika, na nani aliridhia lifanyike. Kubadilisha umbo la pua ni kusema uongo juu ya mwili. Kuongeza rangi ya mdomo ni kusema uongo juu ya tendo. Sheria ya Ufaransa iliyoanza kutumika Oktoba 2017 inataka picha za matangazo ziandikwe kuwa zimerekebishwa pale mwili wa mwanamitindo umefanywa mwembamba au mnene. Ni sheria inayolinda ukweli wa mwili. Shangazi sikumgusa mwili. Nilimtwisha tendo ambalo hakulifanya, katika siku ambazo kutolifanya lilikuwa ndilo neno lake la mwisho kwa mumewe.

Ndiyo maana picha ya dada hainisumbui ingawa mbinu ni ile ile na `Opacity` ni ile ile. Yeye alijipamba; mimi nilirudisha alichoharibiwa na pilau. Tendo lilikuwa lake. Siku hizi, kabla ya kufungua tabaka jipya, huwa siulizi kama rangi itaonekana ya kweli, kwa sababu najua itaonekana. Ninauliza kama mwenye uso alijipaka siku ile, na kama hakujipaka, kama anataka watu wadhani alijipaka. Swali hilo namuuliza mwenyewe, si anayelipia. Nimeshapoteza wateja wawili kwa ajili yake.

Likizo ilipofika nilikwenda Lionja na simu yangu, ikiwa na faili zote mbili. Nilizionyesha kwanza Ruangwa, kwa yule mzee, moja baada ya nyingine zikiwa zimekuzwa, na nikamweleza kazi niliyoifanya. Alisikiliza, akaomba simu impigie wifi yake, wakazungumza mbali na mimi. Kisha nikafika kwa shangazi. Aliikuza picha yenye rangi kwa vidole viwili, akatazama shavu kwa muda, halafu akashuka mdomoni.

"Ngozi ni yangu," alisema. "Huu mdomo ni wako."

Kwenye kitabu cha harusi imechapishwa ile ya asili. Shangazi anaonekana amechoka.