Barua Isiyosema Uongo

Mwaka juzi nilimnyima mtu kazi kwa sababu ya barua iliyomsifu.

Ofisi yetu iko Kurasini, jirani na bandari, na kazi yetu ni kutoa mizigo. Tulikuwa tunatafuta karani wa nyaraka za forodha: mtu wa kusoma ankara, kuilinganisha na hati ya mzigo, kuchagua namba ya ushuru ya kila bidhaa na kujaza kwenye mfumo. Akikosea namba moja, kontena linakwama, na kila siku ya kukaa inalipiwa.

Kijana mmoja alileta barua ya mwajiri wake wa zamani. Ilisema alifika kazini kwa wakati, ni msafi na mwenye heshima, alielewana vizuri na wenzake, na alijitahidi kutekeleza majukumu aliyopewa. Kisha ikamtakia kila la heri. Basi.

Niliisoma mara mbili nikaona ninachotakiwa kuona. Karani wa nyaraka anasifiwa kwa usafi! Hakuna neno juu ya umakini wake, wala kama aliwahi kuachiwa faili peke yake. Na hilo "alijitahidi" ndilo lililommaliza. Mtu aliyefanya kazi tunasema alifanya. Aliyejitahidi, sote tunajua maana yake. Nikasema moyoni, fumbo mfumbie mjinga, mwerevu huligangua. Nikaweka barua pembeni.

Mwanafalsafa Mwingereza Paul Grice, katika insha yake iliyochapishwa 1975, alitumia mfano unaofanana kabisa na huu. Mwalimu anamwandikia barua mwanafunzi anayeomba kazi ya falsafa, anasema tu kwamba Kiingereza chake ni kizuri na vipindi anahudhuria. Grice anauliza: msomaji anajuaje kwamba kijana hafai? Jibu lake ni hatua kwa hatua. Mwandishi angetaka kukaa kimya, asingeandika kabisa. Anamjua kijana, kwa hiyo si kwamba hana la kusema. Anajua pia kwamba zaidi ya hayo yanahitajika. Kwa hiyo lipo jambo asilotaka kuliandika, na jambo lenyewe ni kwamba kijana hawezi falsafa.

Ujerumani mambo haya yamefika hadi kwenye sheria. Kule mfanyakazi ana haki ya kudai barua inayoeleza utendaji wake, na sheria inakataza kuficha maana nyingine ndani ya maneno. Hata hivyo "alijitahidi" kule nako linasomwa kama lawama. Yaani ukizuia kusema wazi, watu watasema kwa adabu.

Je, mwandishi wa namna hii amekosa? Atakuambia hajasema uongo, na ni kweli. Ila nakumbuka kisa cha Uria katika Biblia, aliyebeba mwenyewe barua ya Daudi iliyoagiza auawe. Yule kijana wetu aliishika barua yake kwa mikono miwili akanikabidhi kwa fahari. Hukumu usiyoweza kuisoma huwezi kuijibu. Kwangu hapo ndipo kosa lilipo.

Hivyo ndivyo nilivyowaza, nikijihesabu upande wa wasio na kosa. Miezi kadhaa baadaye akaja mwombaji mwingine kutoka ofisi ileile ya zamani, huyu dereva. Nikafungua barua yake. Alifika kwa wakati, msafi, mwenye heshima, alijitahidi. Neno kwa neno! Jina tu ndilo lililobadilika.

Dah.

Hesabu ya Grice inadai kwamba mwandishi alichagua maneno yale akiwa na mengine mkononi. Huyu hakuchagua kitu. Alikuwa na barua moja kwenye kompyuta, akimpa kila anayeondoka. Fumbo halikuwepo. Nililifumba mwenyewe, nikaligangua mwenyewe, na aliyelipa ni mtu mwingine. Huenda yule kijana alikuwa karani hodari kuliko sisi sote, huenda hakuwa. Barua haikuniambia lolote, nami nikaifanya iseme.

Siku hizi barua baridi ikinifikia nampigia aliyeiandika na kumuuliza swali moja tu: ulimwachia kazi gani bila kumsimamia? Mwenye fumbo husita, asiye na fumbo hunisimulia. Na mwombaji namkalisha mezani, nampa ankara na hati ya mzigo zisizolingana uzito, nione kama ataligundua hilo. Inachukua robo saa.

Robo saa hiyo nilikuwa nayo hata siku ile. Alikuwa amekaa mbele yangu, na ankara zilikuwa zimejaa mezani.