Je, Babu Alimpuuza Bibi?

Babu alipopata kiharusi, tulimtoa Busia, upande wetu wa Uganda, tukampeleka hospitali mjini Tororo. Bibi aliketi kwenye kiti kilichokuwa kushoto kwa kitanda. Babu akawa anatazama mlango uliokuwa kulia na kutuuliza, "Mama yenu yuko wapi?" Bibi akajibu, babu hakugeuka. Siku ya nne bibi alihamia kwenye benchi la nje na kusema, "Miaka 45, leo ananipuuza."

Neno hilo ndilo limenifanya niandike. Kupuuza ni tendo la mtu aliyekwisha kuona jambo, akaamua lisimshughulishe. Ndiyo maana tunamlaumu. Je, mtu anaweza kupuuza kitu ambacho kwake hakipo?

Macho ya babu yalikuwa mazima. Daktari alitikisa kidole upande wa kushoto peke yake, babu akakiona. Alipotikisa vidole vya pande zote mbili kwa pamoja, babu akaona cha kulia tu. Aliombwa kuchora saa, akazirundika namba zote nusu ya kulia. Alikula ugali wa nusu ya kulia ya sahani, kisha akalalamika kwamba siku hizi tunampunja. Nilipoizungusha sahani, chakula "kikaletwa". Mtu aliyepofuka upande mmoja kwa kawaida hugundua upungufu wake na kujifunza kugeuza kichwa. Babu hakuona sababu ya kugeuka.

Damu ilikuwa imezibwa isifike sehemu ya ubongo iitwayo parietali, upande wa kulia. Maelezo yanayokubaliwa na wengi ni kwamba nusu ya kulia ya ubongo huangalia pande zote mbili za dunia, lakini nusu ya kushoto huangalia zaidi upande wa kulia. Ikiumia ya kushoto, mwenzake huziba pengo. Ikiumia ya kulia, upande wa kushoto hubaki bila mlinzi. Na kwa nini mgonjwa hajui? Jiulize wewe msomaji unaona nini sasa hivi nyuma ya kisogo chako. Huoni giza wala shimo. Huoni chochote, na hilo halikusumbui. Kushoto kwa babu kulikuwa kisogo cha namna hiyo.

Mwaka 1978 Edoardo Bisiach na Claudio Luzzatti, watafiti wa Italia, waliwaomba wagonjwa wawili wajiwazie wamesimama katika uwanja mkuu wa Milano, wakilitazama kanisa kuu. Wakataja zaidi majengo ya kulia. Kisha wajiwazie wamesimama mlangoni mwa kanisa, wakiutazama uwanja. Sasa wakataja yale waliyoyaacha mwanzo.

Nilijaribu kwa babu. Ujanani alikuwa akivusha watu mpakani kwa baiskeli, kazi iliyozaa jina boda boda. Nikamwambia ajiwazie anatoka mpakani kuingia Busia ya Kenya, abiria yuko nyuma. Akataja fundi cherehani, duka la vipuri na kibanda cha chai, wote wa kulia. Nikamwambia, "Haya babu, sasa unarudi." Akataja kinu cha posho, kanisa na wauza samaki. Fundi cherehani, rafiki yake wa siku zote, akapotea. Kumbukumbu zote zilikuwamo. Nilihisi aibu kidogo kumfanyia mzee mtihani, lakini bibi alikuwa akisikiliza, na nilitaka asikie.

Hapo ningeweza kuhitimisha kwamba babu hakujua, hivyo hana lawama. Lakini kuna jaribio la Marshall na Halligan la mwaka 1988 linalonikosesha usingizi. Mgonjwa wao alionyeshwa picha mbili za nyumba, moja ikiwaka moto upande wa kushoto. Alisema zinafanana. Alipoulizwa angependa kuishi ipi, mara nyingi alichagua isiyowaka. Basi kitu fulani ndani yake kiliuona moto, ila hakikumfikia yeye anayesema "mimi". Mimi naona lawama inamhitaji huyo anayesema "mimi", kwa sababu ndiye anayeweza kuamua. Anayenipinga aniambie tungemlaumu nani mwingine kitandani pale.

Nilimweleza bibi. Alinyamaza, kisha akauliza swali ambalo sikuwa nimejiandaa nalo: akae wapi sasa? Akikaa kulia, babu atamwona na kutulia. Akikaa kushoto, atamlazimisha kutafuta, na mtaalamu wa mazoezi alikuwa amesema kutafuta huko kunasaidia kupona. Wengi hupata nafuu katika wiki au miezi ya mwanzo, wengine hawapati.

Bibi alikaa kulia wakati wa kula. Baada ya chakula alihamisha kiti kushoto, akamshika babu bega na kumwita mpaka ageuke. Siku nyingine ilichukua muda mrefu, na mara moja nilimwona akijifuta macho kwa kanga huku akiendelea kuita.